Tiketi Isiyo na Jina

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika na seva mbili ambazo majina yake yalitofautiana kwa tarakimu moja tu. Ya kwanza iliitwa `db1.cluster.gitlab.com`, ya pili `db2.cluster.gitlab.com`. GitLab ni huduma ambako watengenezaji wa programu duniani kote huweka kazi zao, hujadiliana, na hufungua tiketi za kasoro zinazohitaji kurekebishwa. Ile `db1` ndiyo iliyobeba hifadhidata hai, ambamo kila maoni na kila akaunti mpya huandikwa. Kazi ya `db2` ilikuwa kuifuata mwenzake nyuma na kunakili kila kinachoandikwa, ili ya kwanza ikianguka ya pili ishike nafasi yake mara moja.

Jioni hiyo hifadhidata ilikuwa imelemewa, kwa sehemu na watu waliokuwa wakimwaga matangazo taka, na `db2` ikabaki nyuma. Ilibaki nyuma kiasi kwamba `db1` ilikuwa imeshafuta kumbukumbu ambazo mwenzake hakuwahi kuzinakili. Ikifika hapo hakuna njia ya mkato: unafuta kilichomo ndani ya seva ya pili na kunakili kila kitu upya kutoka ya kwanza. Mhandisi huyo, ambaye alikuwa anakaribia kufunga kazi kwa sababu usiku ulikuwa umeingia, aliamua kubaki na kumaliza tatizo. Alijaribu amri ya kunakili, ikakaa kimya bila kutoa neno. Akadhani kwamba folda ya `db2` bado ina mabaki yanayoizuia, akaamua kuifuta. Sekunde moja au mbili baada ya kubonyeza alitambua kuwa dirisha alilokuwa ameandikia lilikuwa la `db1`. Alisimamisha ufutaji saa 5:27 usiku kwa saa za kimataifa, wakati huku kwetu Afrika Mashariki ikiwa saa 8:27 usiku. Kati ya gigabaiti zipatazo 310 zilikuwa zimesalia 4.5.

Wengi katika fani yetu wanaijua hadithi hii hadi hapo, na huisimulia ili kumwonya kijana anayeanza kazi. Mimi huvutiwa zaidi na kilichofuata, yaani zile saa 18 za kurudisha huduma na siku kumi zilizopita kabla kampuni haijatoa ripoti yake tarehe 10 Februari. GitLab waliamua kufanya jambo ambalo ni nadra: waraka waliokuwa wakiuandika wakati wa tukio waliuweka wazi kwa umma, na kazi yenyewe wakaionyesha moja kwa moja kwa video kwenye YouTube. Kwa hiyo tunaweza kuona, mstari kwa mstari, jinsi msiba wa mfumo unavyogeuzwa kuwa orodha ya kazi zenye wenyewe.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mahali walipoandikia. GitLab wanatengeneza chombo cha kufuatilia kazi, na tiketi zao wenyewe za miundombinu zilikuwa ndani ya chombo hichohicho, juu ya hifadhidata ambayo ilikuwa imefutika. Usiku ule hawakuwa na pa kufungulia tiketi. Walifungua waraka wa kawaida wa Google, wakaanza kuandika humo. Ofisi nyingi hazifikirii jambo hili mapema. Orodha ya namba za simu za wahusika imo ndani ya barua pepe, na barua pepe inapitia mtandao uleule uliokatika. Mwongozo wa kurejesha mfumo umo ndani ya seva inayopaswa kurejeshwa. Daftari la tukio linatakiwa liwe mahali ambapo tukio haliwezi kufika, hata kama ni karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na swichi.

Jambo la pili ni mstari mmoja katika waraka ule ambao mimi nauheshimu kuliko mingine yote. Unaeleza kwamba mhandisi aliyefuta data alisema ni bora asiendeshe tena amri yoyote yenye mamlaka ya juu siku hiyo, na kwamba kazi ya kurejesha anaikabidhi kwa mwenzake. Kuanzia hapo, alama za jina la mwenzake ndizo zinazoonekana mbele ya hatua za kurejesha: saa 6:36 usiku, kutunza nakala ya data iliyomo kwenye seva ya majaribio, saa 6:55, kuunganisha seva hiyo na `db1`, na baadaye, saa 7 na dakika kadhaa, kufungasha yale mabaki ya data ya uzalishaji na kuyaweka kando ili yasipotee kabisa. Kila mstari una saa, jina na kitendo. Ukisoma huulizi ni nani aliyefanya nini, na muhimu zaidi, waliokuwa kazini usiku ule hawakuhitaji kuulizana.

Nimefanya zamu za usiku kwenye mifumo ya malipo hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na najua namna mambo yanavyokwenda pasipo mistari ya namna hiyo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, foleni ya miamala iliganda siku ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa wanne, wote tukiwa ndani ya kundi moja la WhatsApp. Mmoja aliandika, "Naangalia foleni." Mwingine akaandika, "Na mimi naangalia." Aliyekuwa wa kwanza alikuwa ameanza kunakili kumbukumbu za foleni ili tujue muamala gani uliikwamisha. Wa pili, kwa nia njema kabisa, akaizima huduma na kuiwasha upya. Foleni ikaanza kutembea kwa dakika tano kisha ikaganda tena, na kumbukumbu zile zilikuwa zimeshafutika na ule uwashaji. Tulitumia saa mbili zaidi kusubiri kosa lijirudie ili tulione. Wakati huohuo mawakala wa mitaani walikuwa wakitukanwa na wateja wao, kwa sababu hakuna aliyewatumia ujumbe. Kila mmoja wetu wanne alidhani mwenzake ameshatuma.

"Naangalia" si kazi. Haina mwisho, haimzuii mwenzako kugusa kitu kilekile, na haimwambii msimamizi akuulize saa ngapi. Baada ya siku ile tulianza kuandika kila hatua kama kadi fupi kwenye ubao mmoja, namna hii:

```
KAZI: Nakili kumbukumbu za foleni kabla ya kuwasha upya
MWENYEWE: Asha (peke yake)
ILIANZA: 14:10   TAARIFA IJAYO: 14:25
IMEKWISHA: faili limo kwenye diski ya nje, limefunguka
IMEZUIA: kuwasha upya huduma (Juma)
```

Jina la Asha hapo ni la mfano, lakini umbo la kadi ni lile tulilolitumia. Mstari wa pili una jina moja. Tulijaribu kuandika majina mawili, na kila mara jina la pili lilikuwa ndilo mwanya wa kila mmoja kumtegea mwenzake. Kama kazi inahitaji watu wawili, mmoja ndiye mwenyewe, wa pili ni msaidizi wake. Mstari wa tatu una saa ya taarifa ijayo, na hiyo si saa ya kumaliza. Katikati ya hitilafu hakuna anayejua kazi itakwisha lini, lakini kila mtu anaweza kuahidi kusema amefika wapi baada ya dakika kumi na tano, hata kama neno lenyewe ni "bado." Saa hiyo ikipita kimya, msimamizi anajua kwamba mtu wake amezama au amekwama, anampigia. Mstari wa nne ndio mgumu kuandika. Unadai useme, kabla hujaanza, utaonyesha kitu gani ili wenzako wakubali kwamba imekwisha. Na ule wa tano ndio ambao ungetuokoa saa mbili siku ile: Juma angeona kwamba uwashaji wake unasubiri nakala ya Asha.

Ubao wa namna hii unataka mtu mmoja asiyegusa kitu kingine. Sisi tulimwita msimamizi wa tukio. Chimbuko la wazo hili haliko kwenye kompyuta bali kwa wazima moto wa California, ambao baada ya mioto mikubwa ya nyika ya mwaka 1970 waliona kwamba vikosi kutoka idara mbalimbali vilikuwa vikikutana kwenye moto mmoja bila kujua nani anamwamuru nani, wakajenga utaratibu wa amri moja. Msimamizi haendeshi amri kwenye seva. Anagawa kazi, anaangalia saa za taarifa, anakataa kuanzishwa kwa jambo ambalo halina kadi. Niliposhika nafasi hiyo kwa mara ya kwanza ilinichosha kuliko kutengeneza mfumo wenyewe, kwa sababu mikono ilikuwa ikiwasha kutaka kibodi. Lakini msimamizi akishaingia ndani ya dirisha la amri, ubao unabaki bila macho, na baada ya nusu saa kinachosomwa hapo ni historia.

Turudi GitLab. Walipotafuta pa kurejeshea data, walianza kufungua nakala zao za akiba moja baada ya nyingine, na hapa ndipo habari inapokuwa nzito.

Palikuwa na nakala kamili ya hifadhidata iliyopaswa kutengenezwa kila siku na kupelekwa kwenye hifadhi ya mbali. Walipofungua hifadhi hiyo waliikuta tupu. Programu ya kunakili, `pg_dump`, ilikuwa ikiendeshwa kwa toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa toleo la 9.6, na matoleo hayo mawili hayapatani. Kila siku ilianza, ikashindwa, ikasimama. Ilikuwa imepangwa kutuma barua pepe ikishindwa, na ilituma. Lakini barua hizo hazikuwa na saini ya uthibitisho ambayo seva ya barua ilikuwa ikidai, kwa hiyo zilikataliwa mlangoni kama barua za matapeli. Hitilafu ilikuwa inapiga kelele kila siku ndani ya chumba kisicho na mtu.

Mtoa huduma wao wa wingu, Azure, alikuwa na njia ya kupiga picha za diski. Ilikuwa imewashwa kwa seva za mafaili, haikuwashwa kwa seva za hifadhidata. Seva ya pili, `db2`, ilikuwa imeshafutwa katika jitihada za kuirekebisha. Ilibaki njia moja: picha ya diski iliyokuwa ikichukuliwa mara moja kila saa 24 ili kujaza seva ya majaribio. Ingekuwa ni ile ya ratiba tu, wangepoteza karibu siku nzima. Kwa bahati, saa 11:20 jioni, takriban saa sita kabla ya ajali, mhandisi alikuwa amechukua picha nyingine kwa mkono kwa sababu alitaka data mpya kwa ajili ya jaribio lake. Hiyo ndiyo waliyoirejesha. Diski za seva ya majaribio zilikuwa za daraja la chini na polepole mno, ndiyo maana shughuli ilikula usiku kucha na mchana uliofuata, hadi saa 12 jioni ya tarehe 1 Februari. Kazi za watumiaji zilizokuwa nje ya hifadhidata zilisalimika, lakini maandishi yote yaliyoingia kwenye hifadhidata baada ya saa 11:20 yalipotea. Makadirio yao wenyewe yalikuwa miradi ipatayo 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

Kuna kazi moja ndogo katika urejeshaji ule ambayo inaonyesha kwa nini orodha iliyoandikwa inashinda kichwa chenye usingizi. Kabla ya kufungua huduma waliongeza namba za mfuatano za hifadhidata kwa 100,000. Hifadhidata humpa kila mradi na kila maoni namba. Kama wangerudi saa 11:20 na kuendelea kutoka hapo, mradi mpya ungepewa namba ambayo jana yake ilikuwa ya mradi uliopotea, na mahali popote nje ya hifadhidata ambapo namba ile ilikumbukwa pangechanganya vitu viwili. Kuruka namba laki moja mbele kunaacha pengo salama. Hilo si jambo la kukumbuka saa kumi alfajiri. Ni jambo la kuwekwa kwenye orodha na mtu aliye macho, likapewa mwenyewe, likakaguliwa kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa kuna orodha ya pili, nayo ndiyo kiungo kati ya usiku wa tukio na kazi ya baadaye. Ndani ya waraka uleule, wakiwa bado wanasubiri data inakiliwe, walifungua sehemu ya mambo ya kufanya baada ya kurejesha. Waliandika humo kwamba dirisha la amri libadilishwe ili lionyeshe jina zima la seva na rangi tofauti kwa seva za wateja na za majaribio. Waliandika kwamba kuwe na mchoro wa ukubwa wa nakala za akiba na mtu aamshwe ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10. Waliandika swali pia: kwa nini hifadhidata ilianza ghafla kulalamika kuhusu kikomo cha miunganisho 8,000, ilhali kilikuwa kimewekwa tangu tarehe 13 Mei 2016? Waliandika hata wazo la kuzuia kabisa amri ya kufuta isifanye kazi kwenye folda ya hifadhidata, wakakiri palepale kwamba hawajui kama linawezekana.

Nguvu ya sehemu hiyo iko katika kutenganisha. Mtu akiwa katikati ya hitilafu huona kasoro kumi ambazo si chanzo cha hitilafu. Akianza kuzirekebisha, anaongeza mabadiliko mapya ndani ya mfumo ambao tayari haueleweki. Akizinyamazia, kesho zitakuwa zimesahaulika, kwa sababu asubuhi baada ya huduma kurudi mwili unataka kulala, na akili iliyoshuhudia kila kitu inalala nayo. Kuandika mstari mmoja kwenye orodha ya baadaye kunachukua sekunde ishirini na kunaurudisha moyo kwenye kazi iliyo mbele. Sisi tulikuwa na sharti kwamba mstari wa baadaye unaandikwa na yeyote, bila kuomba ruhusa na bila kubishana kama unafaa. Ubishi ulikuwa na siku yake.

Siku hiyo ya ubishi ndipo mistari inapogeuzwa kuwa tiketi, na ndipo nyingi zinapofia. Ripoti ya GitLab ilitoa tiketi zaidi ya kumi. Nizichukue chache, kwa maana hazina uzito sawa.

Ile ya kubadilisha rangi ya dirisha la amri ndiyo iliyopendwa na wasomaji, kwa kuwa inaeleweka haraka. Nadhani ndiyo dhaifu kuliko zote. Inamsaidia mtu aone, na mtu aliyechoka huona rangi nyekundu mara mia kwa usiku hadi haioni tena. Ningeifanya, kwa sababu ni kazi ya saa moja, lakini nisingelala nikiitegemea. Ile ya kuchukua picha za diski za hifadhidata kila saa badala ya kila saa 24 ina uzito mkubwa zaidi. Haizuii mtu kukosea. Inapunguza kile kinachoweza kupotea akikosea, kutoka siku moja hadi saa moja. Namba hiyo inaweza kupimwa. Ile ya kuweka vipimo vya ufuatiliaji kwenye nakala za akiba inaziba chumba kile kisicho na mtu: badala ya kungoja barua ya kushindwa, mfumo wa ufuatiliaji unauliza wenyewe nakala ya mwisho ni ya saa ngapi, na ukikosa jibu unapiga kengele. Kimya chenyewe kinakuwa dalili.

Ile ambayo ningeitanguliza mbele ya zote ni ya kujaribu kurejesha nakala kwa njia ya kujiendesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nakala. Kama jaribio hilo lingekuwepo, hifadhi tupu ingegunduliwa siku ya kwanza ilipokuwa tupu.

Palikuwa pia na tiketi ya kuboresha mwongozo wa seva ya pili. Ukumbuke ile amri iliyokaa kimya bila kutoa neno: ilibainika kwamba ukimya ule ulikuwa wa kawaida, amri hiyo hungoja seva kuu iwe tayari, na hiyo haikuandikwa waziwazi katika mwongozo wao. Ajali yote ilipita kwenye tundu la sentensi moja iliyokosekana. Hata hivyo tiketi za "kuboresha mwongozo" ninazijua vizuri. Hukaa wazi miezi kwa sababu hakuna anayeweza kusema zimekwisha. Ingeandikwa hivi ingefungika: "Mtu ambaye hajawahi kujenga seva ya pili aijenge kwa kufuata mwongozo pekee, na kila alipokwama paandikwe."

Kisha kuna tiketi ambayo kwa mtu wa nje inaonekana ya kiofisi tu: kumteua mtu atakayekuwa mwenye dhamana ya usalama wa data. Ilizaliwa na maswali waliyojiuliza katika ripoti, kila jibu likiulizwa tena kwa nini. Kwa nini nakala hazikuwepo? Kwa sababu ya toleo lisilolingana. Kwa nini hakuna aliyejua? Kwa sababu barua zilikataliwa. Kwa nini utaratibu wa nakala haukuwa ukijaribiwa mara kwa mara? Jibu lao lilikuwa kwamba haukuwa na mwenyewe, na hivyo hakuna aliyewajibika kuujaribu. Njia kadhaa za akiba, zilizowekwa na watu wenye ujuzi, na kila mmoja aliamini kwamba nyingine ipo. Ni sisi wanne kwenye WhatsApp, kila mmoja akidhani mawakala wameshaambiwa.

Ndiyo maana ninashikilia jina moja kwenye tiketi ya baadaye kwa ukali uleule wa usiku wa tukio, hata zaidi. Usiku wa tukio msukumo upo, simu zinalia. Baada ya wiki mbili simu zimenyamaza na tiketi inashindana na kazi mpya ambazo bosi anazitaka. Baada ya ile siku ya foleni kuganda tulifungua tiketi nne. Tatu tulizipa majina ya watu. Ya nne, ya kuwajulisha mawakala kwa ujumbe wa simu mara hitilafu inapotangazwa, tuliiandikia "timu ya uendeshaji", kwa sababu ilihusu idara mbili na hakuna aliyetaka kumbebesha mwenzake. Zile tatu zilifungwa ndani ya mwezi. Miezi mitano baadaye mfumo ulikwama tena, kwa sababu tofauti kabisa, na mawakala hawakuambiwa tena. Nilipofungua tiketi ile nilikuta haina hata maoni moja. Haikukataliwa, haikuahirishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuifungua, kwa kuwa haikuonekana kwenye orodha ya mtu yeyote asubuhi.

Dada aliyekuwa akisimamia huduma kwa wateja aliisoma pamoja nami, akaniambia, "Kaka, hii niandikie mimi. Nikishindwa nitakuja kusema nimeshindwa." Tukaandika jina lake, tarehe, na namna ya kuthibitisha: katika zoezi la kujifanya mfumo umeanguka, wakala wa Mbagala apokee ujumbe kabla ya dakika kumi kupita. Zoezi la kwanza lilichukua dakika 25, kwa sababu orodha ya namba ilikuwa ya zamani. Tiketi ikabaki wazi. La pili lilichukua dakika saba, ikafungwa, na picha ya ujumbe ikabandikwa ndani yake.

Si kila tiketi inafaa kubaki hai. Nyingine zinaandikwa kwa hasira ya siku ile, na ukizisoma baada ya wiki mbili unaona gharama yake inazidi hatari inayoziba. Hizo zifungwe kwa maneno, na jina la aliyeamua: hatutafanya, kwa sababu hizi. Kufunga kwa uamuzi ni tofauti na kuacha vumbi likae juu. Wazo la GitLab la kuzuia ufutaji kwenye folda ya hifadhidata lilikuwa la namna ya kuhitaji uamuzi kama huo, maana mtu anayejenga seva ya pili hulazimika kufuta folda hiyohiyo kihalali. Idadi nayo ina kikomo. Ofisi yetu ilikuwa na watu sita, na tulijifunza kwamba tukitoka kwenye tukio moja na tiketi kumi na tano, tunafunga nne nyepesi na kuziacha nzito. Tukaanza kuchagua tatu au nne, na kila mkutano wa Jumatatu ulianza na hizo kabla ya jambo jingine lolote.

Mojawapo ya hizo haifungwi moja kwa moja mpaka leo. Ni ya kurejesha nakala ya hifadhidata. Kila Jumatatu inafunguka upya yenyewe ikiwa na jina la mtu wa zamu, na kabla ya saa sita mchana mtu huyo anatakiwa awe ameirejesha nakala kwenye mashine ya pembeni na kuandika ndani ya tiketi namba mbili: dakika alizotumia, na saa ya muamala wa mwisho aliouona ndani ya nakala.